TANGAZO NA MAELEZO KWA WATAFUTA KAZI: SIKU YA USAILI WA WAZI, MAHALI, SAA NA HATI ZA KUCHUKUA

Ukurasa huu wa matangazo umekuwa ukipokea maswali kutoka kwa vijana wa visiwani walioko mwambao wa kusini, na hasa kutoka kwa familia zilizohamia Wilaya ya Kilwa kwa ajili ya uvuvi, kilimo na biashara, juu ya namna ya kuhudhuria usaili wa kazi unaotangazwa kufanyika huko waliko. Wengi wao hawashindwi kujibu maswali ya jopo. Huwa hawafiki mbele ya jopo, kwani hurudishwa mezani pa uhakiki wa hati, saa moja au mbili baada ya kuwasili. Maelezo haya yanatolewa ili mtu aliyesafiri tangu alfajiri asirudishwe kwa jambo ambalo angeliweza kulitengeneza akiwa nyumbani.

Ili maelezo yaeleweke, tumechukua mfano mmoja wa tangazo na mahali pamoja, nao ni Kinjumbi, Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Wasomaji wazingatie kwamba tangazo lililo hapa chini ni la kufundishia tu. Halitangazi nafasi yoyote iliyopo, na mtu asifunge safari kwa sababu yake.

MFANO WA TANGAZO

"Wananchi wenye sifa wanaalikwa kuhudhuria usaili wa wazi wa nafasi za karani wa muda. Usaili utafanyika katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Kinjumbi, siku ya Jumamosi, kuanzia saa 2:00 asubuhi. Uandikishaji wa waliofika utafungwa saa 4:00 asubuhi. Kila mwombaji afike na vyeti halisi vya elimu, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua ya utambulisho na picha mbili. Waombaji watajigharamia usafiri, chakula na malazi."

Tangazo hili ni fupi, lakini kila sentensi yake ina sharti ndani yake. Tutalifuata kwa mpangilio wake.

USAILI WA WAZI NI UPI

Katika utaratibu uliozoeleka wa ajira za Serikali ya Muungano, mwombaji hutuma maombi kwanza, na siku hizi huyatuma kwa mtandao kupitia portal.ajira.go.tz, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi huchambuliwa, kisha hutolewa orodha ya majina ya wanaoitwa kwenye usaili. Asiyeona jina lake anajua kwamba hakukidhi masharti, na hana haja ya kusafiri.

Usaili wa wazi hauna orodha hiyo. Mtu haitwi kwa jina bali huja mwenyewe, hati zikiwa mkononi. Kazi ya uchambuzi ambayo ingelifanywa ofisini kwa siku kadhaa hufanywa palepale, mezani, mbele ya mwombaji, kwa dakika chache. Hii ndiyo sababu hati zina uzito mkubwa zaidi katika usaili wa aina hii kuliko katika usaili mwingine. Katika utaratibu wa orodha, mwenye kasoro ndogo anaweza kupigiwa simu akaulizwa. Katika usaili wa wazi hakuna nafasi hiyo, kwa kuwa nyuma yake wamepanga foleni watu wengi, na mhakiki hana mamlaka ya kukubali ahadi ya kuleta cheti kesho.

Kwa hiyo mwombaji aelewe kwamba siku hiyo ina milango miwili. Wa kwanza ni meza ya uhakiki, na wa pili ni chumba cha jopo. Maarifa na ufasaha havina kazi katika mlango wa kwanza. Pale kinachosema ni karatasi.

MAHALI

Kinjumbi ni jina la kata na pia ni jina la kijiji. Aliyezoea mambo ya visiwani, ambako shehia ndiyo ngazi ya chini inayojulikana na kila mtu, huweza kuchanganya. Kijiji kina ofisi yake chini ya Mtendaji wa Kijiji, na kata ina ofisi yake chini ya Mtendaji wa Kata. Tangazo likisema "Ofisi ya Mtendaji wa Kata", asiende ofisi ya kijiji akakaa huko akisubiri. Kadhalika tangazo likisema usaili ni katika Halmashauri ya Wilaya, mahali hapo ni Kilwa Masoko, yaliko makao makuu ya wilaya, wala si Kilwa Kivinje, na wala si Kilwa Kisiwani. Majina haya matatu yamewapoteza wageni wengi, kwa kuwa yote huitwa Kilwa kwa kifupi.

Mtu wa Kinjumbi anayeitwa Masoko hana budi aifikie barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, aelekee kusini, avuke Mto Matandu, afike Nangurukuru, kisha aache barabara kuu na kuelekea pwani. Safari hiyo haifai kuanzwa asubuhi ya siku ya usaili, hasa wakati wa masika. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu katika Wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama. Jopo haliahirishi usaili kwa sababu ya abiria mmoja aliyekwama njiani. Anayesafiri miezi ya Machi, Aprili na Mei afike siku moja kabla na atafute malazi kwa jamaa.

Nafasi nyingi za muda zinazotolewa katika ngazi ya kata hutaka mwombaji awe mkazi wa mahali hapo. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, kwa mfano, makarani walitafutwa miongoni mwa wakazi wa maeneo yao, kwani karani anayezijua njia, vitongoji na viongozi wa mahali hufanya kazi kwa wepesi kuliko mgeni. Basi kijana wa Wete au wa Makunduchi aliyekuja Kinjumbi wiki iliyopita kumtembelea mjomba wake asidhani kwamba anwani ya mjomba inamfanya yeye kuwa mkazi. Anayethibitisha ukazi ni Mtendaji wa Kijiji, kwa barua, na barua hiyo tutaieleza mbele.

SAA

Hapa pana kosa moja linalorudiwa kila mara. Tangazo la Kiswahili likisema saa 2:00 asubuhi linakusudia saa mbili baada ya jua kuchomoza, kwa hesabu yetu sote. Lakini tangazo hilohilo huenda likaandikwa kwa saa za kizungu katika ujumbe wa simu, likawa "08:00". Msomaji akiona nane huisoma kuwa saa nane ya mchana, akafika wakati jopo limekwisha kufunga daftari. Kinyume chake hutokea pia: aliyeandikiwa "14:00" hufika alfajiri akashinda na njaa.

Kanuni ni nyepesi. Ukiona tarakimu bila neno la asubuhi, mchana au jioni, ondoa sita. Nane ukiondoa sita ni saa mbili asubuhi. Kumi na nne ukiondoa sita ni nane, nayo ni saa nane mchana. Na ukiona tarakimu zimeambatana na neno asubuhi au mchana, zichukue kama zilivyo kwa hesabu ya Kiswahili. Panapobaki shaka, muulize Mtendaji wa Kata, wala usimuulize aliyekutumia ujumbe, kwani naye ametumiwa.

Jambo la pili katika saa ni tofauti kati ya saa ya kuanza na saa ya kufunga uandikishaji. Katika mfano wetu uandikishaji unafungwa saa 4:00 asubuhi. Anayefika saa 4:15 haandikwi, hata kama foleni bado ni ndefu na jopo litafanya kazi hadi jioni. Aliyeandikwa saa 3:55 atasubiri zamu yake hata ikiwa ni alasiri. Kwa hiyo mwenye kufika mapema hana uhakika wa kuondoka mapema. Achukue maji na chakula, na mama anayenyonyesha aje na mtu wa kumshikia mtoto wakati wa zamu yake. Mwenye ulemavu anayehitaji msaada, kama vile mkalimani wa lugha ya alama, atoe taarifa ofisi ya kata siku chache kabla.

HATI ZA KUCHUKUA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ya mtu mbele ya meza ya uhakiki ni kama mali hiyo. Hati tano zilizotajwa katika mfano wetu zina sababu zake, na kila moja ina kasoro yake inayojulikana.

Ya kwanza ni vyeti halisi vya elimu. Aliyemaliza kidato cha nne alete cheti kilichotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Karatasi ya matokeo, yaani ile iliyotolewa na skuli kabla ya cheti kutoka, haikubaliwi, wala barua ya mwalimu mkuu haikubaliwi mahali pa cheti. Aliyesoma chuo alete cheti cha chuo, na aliyesoma nje ya nchi alete pamoja na cheti chake uthibitisho wa mamlaka inayohusika hapa nchini: Baraza la Mitihani kwa elimu ya sekondari, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi kwa vyuo vya kati, na Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada.

Wengine huuliza kwa nini ugumu huu wote kwa kazi ya miezi miwili. Jawabu ni kwamba Serikali imekwisha kuona gharama ya ulegevu. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, nayo ilionyesha watumishi 9,932 waliokuwa kazini kwa vyeti vya kughushi. Walioondolewa hawakuwa wageni. Walikuwa wamepita mezani pa mtu fulani, na mtu huyo aliridhika na nakala. Tangu wakati huo mhakiki anayekubali nakala bila kuona cheti chenyewe anajitia matatani yeye mwenyewe.

Aliyepoteza cheti cha kidato cha nne asikate tamaa, lakini asingoje tangazo litoke ndipo ashughulike. Huanza kwa taarifa ya upotevu kituo cha Polisi, hutangaza upotevu huo gazetini, kisha hupeleka maombi Baraza la Mitihani. Vyeti vya miaka ya karibuni, vyenye picha ya mtahiniwa, vinaweza kutolewa upya. Kwa vyeti vya zamani visivyo na picha, Baraza hutoa uthibitisho wa matokeo, ambao hupelekwa moja kwa moja kwa taasisi inayouhitaji. Njia zote mbili huchukua muda, na hakuna hata moja inayoweza kukamilishwa kati ya tangazo la Jumatatu na usaili wa Jumamosi.

Ya pili ni cheti cha kuzaliwa. Wengi huleta tangazo la kizazi, ile karatasi aliyopewa mama hospitalini. Hilo si cheti, bali ni msingi wa kuombea cheti. Aliyezaliwa Tanzania Bara hupata cheti kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kwa watu wa Kinjumbi maombi huanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Kilwa Masoko. Aliyezaliwa Unguja au Pemba cheti chake hutoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Usajili wa vizazi si jambo la Muungano, kwa hiyo mzaliwa wa Pemba hawezi kuandikishwa Kilwa kana kwamba alizaliwa huko, hata kama amekulia huko tangu utotoni. Atakayejaribu kwa kurahisisha mambo atakuwa na vyeti viwili vya kuzaliwa, na siku vitakapokutana atakuwa na kesi.

Ya tatu ni kitambulisho. Kwa kawaida hukubaliwa kitambulisho cha Taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa mwenye nacho. Mwenye namba ya kitambulisho cha Taifa bila kadi yenyewe aandike namba hiyo kwa usahihi na achukue kitambulisho kingine chenye picha.

Ya nne ni barua ya utambulisho. Kwa Tanzania Bara hutolewa na Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Kwa Zanzibar hutolewa na Sheha. Usaili ukiwa Kinjumbi na sharti likiwa ukazi, barua ya Sheha wa shehia ya asili haitoshi, kwani Sheha anathibitisha kwamba anakujua; hawezi kuthibitisha kwamba unaishi Kinjumbi. Barua iwe na tarehe, jina kamili kama lilivyo katika cheti, saini na muhuri. Picha ikibandikwa, muhuri uguse picha na karatasi kwa pamoja, ili isiweze kubanduliwa ikawekwa nyingine. Barua iliyoandikwa mwaka jana kwa shughuli nyingine isiletwe.

Ya tano ni picha ndogo za karibuni, ambazo hazina matata.

Zaidi ya hati hizo, mwombaji achukue nakala za kila kimoja. Cheti halisi huonyeshwa na kurudishwa, nakala hubaki katika jalada. Kamwe asiache cheti halisi mezani. Iwapo tangazo limetaka nakala zilizothibitishwa, zithibitishwe na wakili au hakimu, naye lazima aone cheti chenyewe kabla ya kugonga muhuri. Nakala iliyotolewa kutoka nakala nyingine, ikagongwa muhuri juu yake, huonekana mara moja: muhuri wa zamani huwa mweusi wa mashine na mpya huwa wa wino.

JINA MOJA KATIKA HATI ZOTE

Kasoro inayowarudisha vijana wetu wengi si kukosa hati, ni hati kutokubaliana. Tuchukue mfano wa kijana wa kubuni aliyezaliwa Wete mwaka 2000, akahamia Kinjumbi na wazazi wake akiwa na umri wa miaka sita, akasoma huko hadi kidato cha nne.

Cheti chake cha kuzaliwa, kilichoandikwa Pemba, kinasema Khamis Juma Faki. Mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza huko Bara aliandika Hamisi Juma Faki, kama wanavyotamka watu wa mahali pale, na jina hilo likafuata hadi cheti cha kidato cha nne. Alipojiandikisha kitambulisho cha Taifa, aliulizwa jina akasema Hamisi Juma, na karani akaandika majina mawili tu yaliyotamkwa pamoja na la ukoo alilolisikia kuwa Faqih. Sasa ana hati tatu zenye watu watatu. Kwa mama yake wote ni mwana mmoja. Kwa mhakiki, hakuna karatasi hata moja inayomthibitishia hivyo.

Kuna kasoro ya pili, iliyojificha zaidi. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi na siku. Kijana huyu hakuwa na cheti chake siku ya kujiandikisha, akataja tarehe ya kukisia. Namba yake ikaanza kwa 19990701, ilhali cheti cha kuzaliwa kinasema 17 Machi 2000. Mhakiki haulizi lolote. Anasoma tarakimu nane, anatazama cheti, anaona watu wawili waliopishana miezi minane.

Njia ya kutengeneza ni hii. Kwanza huchaguliwa jina litakaloshikwa, na busara ni kushika lile la cheti cha elimu, kwa kuwa cheti cha mtihani hakibadilishwi kirahisi baada ya kutolewa. Kisha huandaliwa hati ya kubadili jina, ambamo mhusika hutamka kwamba majina yote yaliyotajwa ni yake na kwamba tangu siku hiyo atatumia moja tu. Hati hiyo husainiwa mbele ya wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Neno "kusajiliwa" ndilo lenye uzito. Kiapo cha kawaida kilichogongwa muhuri wa wakili, bila usajili, hurudishwa katika meza nyingi. Baada ya hapo, kijana aende ofisi ya wilaya ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa na cheti chake cha kuzaliwa na hati hiyo, aombe marekebisho ya jina na ya tarehe. Tarehe ya kweli ni ile ya cheti cha kuzaliwa. Asijaribu kukibadilisha cheti kifuate kitambulisho.

Kazi hii yote ikifanywa kwa utaratibu humchukua mtu wiki kadhaa na safari zaidi ya moja kwenda Masoko. Ndiyo maana tunasema ifanywe wakati hakuna tangazo lolote. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza leo ana njia rahisi zaidi: ampeleke mtoto skuli na cheti cha kuzaliwa mkononi, na ahakikishe mwalimu ananakili herufi kwa herufi. Khamis na Hamisi, Said na Saidi, Ruqaiya na Rukia, Muhammad na Mohamedi, yote ni majina mema, lakini mtoto achukue moja na alibebe hadi uzeeni.

NAMNA YA KUJIKAGUA NYUMBANI

Jioni moja kabla ya kusafiri, mwombaji atandike hati zake zote juu ya mkeka, zikiwa wazi, kwa mstari mmoja. Asome jina la kwanza katika kila hati, kisha la pili, kisha la tatu, kwa herufi. Asome tarehe ya kuzaliwa katika cheti, kisha tarakimu nane za mwanzo za namba ya kitambulisho. Atazame kama cheti cha elimu ni cheti kweli au ni karatasi ya matokeo. Atazame kama barua ya Mtendaji ina tarehe ya karibuni. Akikuta tofauti ambayo hawezi kuitengeneza kabla ya usaili, aende ofisi ya kata mapema, aulize kama ushahidi wa maombi ya marekebisho, yaani stakabadhi au barua ya kupokelewa, utatazamwa. Mara nyingine hukubaliwa na mara nyingine hapana, ila jawabu la siku mbili kabla ni bora kuliko jawabu la mezani.

SIKU YENYEWE

Akiisha kuandikwa na kupita uhakiki, mwombaji hupewa namba na kusubiri. Jopo huuliza kila mtu maswali yaleyale na kumpa alama, ili walioingia asubuhi na walioingia jioni wapimwe kwa kipimo kimoja. Kwa sababu hiyo, aliyetoka asiwasimulie maswali walio nje. Kwa nafasi ya karani, jopo hutaka kujua kama mtu anasoma na kuandika kwa usahihi, kama anaijua kata, na atafanya nini akikuta nyumba ambayo mwenyewe anakataa kujibu. Majibu yawe mafupi na ya kweli. Mavazi yawe ya heshima, hayana haja ya kuwa mapya.

Matokeo hayatolewi papo hapo. Hubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji, au za Halmashauri. Mwombaji aulize kabla ya kuondoka yatabandikwa wapi na lini.

MALIPO

Usaili hauna ada. Hakuna fedha ya fomu, ya namba, ya kuandikwa jina mbele, wala ya "kushughulikiwa". Gharama halali ni zile za kuandaa hati, ambazo hulipwa kwa ofisi zinazozitoa na kupewa stakabadhi ya Serikali. Mtu akitaka fedha taslimu mkononi au kwa simu yake binafsi ili akuingize katika orodha, hiyo ni rushwa ikiwa ana uwezo huo, na ni wizi ikiwa hana. Katika hali zote mbili taarifa itolewe kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kwa simu namba 113, ambayo haina malipo. Dalili ya utapeli ni tangazo lisilotaja ofisi, likataja namba ya simu tu. Tangazo la kweli huwa na ofisi inayojulikana, na karatasi yake hukutwa imebandikwa kwenye ubao wa ofisi hiyo. Asiyeikuta ubaoni amuulize Mtendaji kabla ya kupanda gari.

Mwisho, wasomaji walioko Kinjumbi na kata za jirani ambao hati zao zilitoka visiwani wanashauriwa kuwaandikia jamaa zao mapema wawafuatilie vyeti vya kuzaliwa katika ofisi za wilaya walikozaliwa, wakitaja jina la hospitali au kijiji, majina ya wazazi na mwaka. Hati ikifika mkononi, ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na chumvi ya bahari na mchwa, na nakala yake iwekwe kwa mtu wa pili.

Imetolewa na Afisa Habari wa Wizara, kwa ajili ya ukurasa wa matangazo.